Kupiga wandropu ya polepole: acha moja iwe tupu, besi itapata pa kukaa

Kitu cha kwanza ninachofanya nikiletewa biti ya rege ambayo mwenyewe analalamika kwamba "haijakaa kirege" ni kuangalia kiki ya kwanza kwenye baa, na mara nyingi sana naikuta pale pale kwenye moja. Si ajabu, sisi wengi tumekulia kwenye hiphop na bongofleva na huko kiki inafungua baa, mkono unaiweka wenyewe kabla hata hujafikiria. Kwenye wandropu ile moja inaachwa. Inadondoshwa. Haihati inaweza kupita hapo, lakini kiki hakuna, na ukiifuta tu bila kugusa kitu kingine utasikia gitaa linapata hewa palepale.

Naongelea wandropu ile ya Carlton Barrett, dramer wa The Wailers, sio stepaz ambayo kiki inapiga kila biti, ile nayo ni rege safi ila ni habari nyingine. Na huwezi kumtaja Carlton ukamwacha kaka yake Aston, Family Man, aliyekuwa kwenye besi. Hawa ndugu walipiga pamoja kwa prodyuza Lee Perry kwenye bendi yake The Upsetters kabla ya kuwa nguzo ya Wailers, na ukiwasikiliza kwa makini unagundua drami na besi hazikutungwa kila moja kivyake. Kila mmoja anajua mwenzake ananyamaza wapi, na ndio maana mimi siprogramu drami nikazimaliza halafu nikaanza kutafuta besi, naenda navyo sambamba.

Tuanze na tempo maana hapa watu wanachanganyana. Rege hiyo hiyo unaweza kuiandika 72 au 144. Ukiandika 144 dropu, yaani lile pigo la kiki na rimshoti kwa pamoja, inaangukia biti ya tatu ya kila baa, ukiandika 72 inaangukia biti ya pili na ya nne, ni muziki uleule. Mimi naweka 72 kwa sababu stepu 16 zinanitosha kuona kila kitu kwa jicho moja. Mchoro wenyewe huu hapa, nafasi ni 16, X kubwa ni pigo lenye nguvu na o ni pigo la kugusa tu:

```
stepu     1   5   9   13
kiki      ....X.......X...
rimshoti  ....X.......X...
haihati   x.X.x.X.x.X.x.Xo
gitaa     ..x...x...x...x.
```

Kiki na rimshoti zinaanguka pamoja, stepu ya 5 na ya 13, basi. Rimshoti ninayosema ni ile fimbo inalazwa juu ya ngozi ya snea na kugonga ukingo, ule mlio mkavu wa "ko", na ukitumia snea kubwa ya trap hapo utaua wimbo maana inajaza ile nafasi yote unayoitafuta. Tafuta sampuli fupi, kavu, isiyo na riveb ndani yake.

Haihati ndio inayobeba mwendo kwa hiyo usiipe nguvu sawa kote. Kwenye veloziti ya mpaka 127 mimi zile za 3, 7, 11 na 15 naziweka karibu 100, zinazoanguka juu ya biti naziweka 70 hivi, na ile ya kugusa ya stepu ya 16 inashuka mpaka 45. Sasa ile ya 16, na nyingine yoyote utakayoongeza kwenye stepu shufwa, isikae sawasawa kwenye gridi. Mimi natumia FL Studio, ambayo kwa kawaida biti moja ina tiki 96, kwa hiyo stepu moja ni tiki 24, na kwa tempo ya 72 tiki moja ni kama milisekunde 9. Ukitaka mdundo wa tatutatu kamili unaisogeza hiyo noti tiki 8 mbele, ichelewe. Nane ni nyingi kwa wimbo wa polepole, inaanza kurukaruka, mimi napenda 4 au 5 na nazisogeza kwa mkono ndani ya piano roll. Sifuri nayo inakupa mashine.

Halafu kuna uzito, ile hali ya drami kuvuta nyuma kidogo kama haina haraka. Watu wanadhani hiyo inatoka kwenye kushusha tempo, wanashusha mpaka 62 na wimbo unasinzia. Mimi naacha 72, naacha haihati na gitaa pale pale zilipo, halafu kiki na rimshoti nazichelewesha zote mbili baada ya gridi kwa tiki 1 au 2, yaani milisekunde 9 mpaka 17. Zisogeze kwa pamoja lakini! Ukisogeza kiki peke yake utasikia mlio mmoja umekuwa miwili, "ko-du", na hapo dropu imepoteza ngumi yake. Ukifika tiki 4 dramer anaanza kusikika kama amechelewa kweli, mwimbaji atakuambia mwenyewe maana atakuwa anashindwa kukaa.

Sasa besi, na hapa ndipo nataka tukae.

Besi ya rege inakuwa nzito kwa sababu ya mahali inaponyamaza. Unaweza ukaweka sauti nzito kuliko zote duniani na bado ikasikika nyembamba kama noti zinafuatana bila kupumua, sikio halipati muda wa kuona tofauti kati ya kuwepo kwake na kutokuwepo. Chukua mfano huu wa baa mbili, Am kisha Dm, ni laini niliyompangia mwimbaji mmoja aliyetaka wimbo wa taratibu sana:

```
stepu   1   5   9   13
Am      ...EA--.C-A-....
Dm      D.D.F-D-........
```

Herufi ni noti, kistari maana yake noti inaendelea, nukta ni kimya. Angalia baa ya kwanza, besi haigusi moja kabisa, inaingia na E fupi kwenye stepu ya 4 kama mtu anayevuta pumzi halafu A inatua pamoja na dropu. Kisha C, kisha A, na dropu ya pili kwenye 13 inabaki peke yake bila besi chini yake. Baa ya pili ni kinyume, besi inafungua kwenye moja, na hiyo moja ina uzito kwa sababu kwenye baa iliyopita haikuwepo. Halafu kuanzia stepu ya 9 hakuna kitu. Nusu baa nzima. Yule mwimbaji alivyosikia mara ya kwanza aliniuliza kama nimesahau kumalizia, nikamwambia imba kwanza, na akaimba mstari wake ukamalizikia humo humo kwenye lile pengo bila kugombana na mtu.

Ile E ya stepu ya 4 iko kwenye stepu shufwa, kwa hiyo inatakiwa isogee tiki zilezile ulizosogeza haihati. Ukiiacha kwenye gridi besi na haihati zinavutana na hutajua tatizo liko wapi, utaanza kuhangaika na EQ bure. Na ile A ya kwenye dropu iende na kiki, au tiki moja baada yake ili ngumi ya kiki itangulie.

Urefu wa noti ni muhimu kuliko watu wanavyofikiria. Zile D mbili za mwanzo kwenye baa ya pili ni fupi, ziko stepu moja moja na zinakatika. Zikikutana zikawa moja ndefu laini inakuwa tope. Napoprogramu natumia muda mwingi zaidi kuvuta miisho ya noti kuliko kuchagua noti zenyewe.

Sauti yenyewe ni rahisi tu. Wimbi la saini, chini yake hakuna kitu, juu yake wimbi la pembetatu kidogo sana, filta inakata kuanzia kama 300 Hz, na mwanzo wa noti usiwe mkali, upe milisekunde 5 mpaka 10. Ukiwa na gitaa la besi la kweli funga toni yote na piga kwa nyama ya kidole gumba karibu na shingo. Kwa FL kuwa makini na majina ya oktava, A ya 55 Hz ambayo kwingine inaitwa A1, humo inaandikwa A2, wengi wanapanga besi oktava moja juu au chini bila kujua. Kwenye laini yetu E ya chini iko 41 Hz, A 55, C 65, D 73 na F 87, kwa hiyo besi nzima inaishi kati ya 40 na 90.

Hapo ndipo kiki inapotakiwa kupisha. Kwenye muziki mwingi wa sasa kiki ndiyo inashika chini kabisa, huku ni kinyume, besi ndiyo mwenye nyumba. Nakata kiki chini ya 60 Hz, naiacha iongee pale 90 mpaka 110, na naifupisha mkia. Gitaa la skenki nalikata chini ya 300, ogani chini ya 200. Besi ikae katikati, mono, bila riveb yoyote. Ukisikia dropu inapungua nguvu pale ambapo besi na kiki zinakutana, kuliko ile ya stepu ya 13 ambapo kiki iko peke yake, basi mawimbi yao yanafutana. Geuza polariti ya kiki usikilize, au isogeze besi tiki moja tena.

Lile pengo la nusu baa ndio mahali pa dilei, ile shule ya King Tubby, fundi mitambo wa dub kule Kingston. Natuma rimshoti ya stepu ya 13 tu ya baa ya pili kwenye dilei ya stepu tatu, ambayo kwa 72 ni milisekunde 625, na ile inayorudi naikata chini ya 400 Hz isije ikajaza nafasi niliyohangaika kuiacha. Ukituma kila rimshoti pengo linapotea.

Mwisho sikiliza kwenye simu. Spika ya simu haitoi 55 Hz, hata ufanyeje, na wasikilizaji wengi wako huko huko. Weka distoshen kidogo kwenye besi mpaka uanze kusikia ngazi za juu za ile A zikitokeza, na sikio litajazia lenyewe noti ya chini. Kama kwenye simu laini ya besi unaweza kuifuata kwa kuguna, inatosha, ukiongeza zaidi ya hapo kwenye spika kubwa itaanza kukwaruza na ule ulaini wote utakuwa umeondoka.