Kitone cha Bluu Kikikosea: Maswali na Majibu

Nimehama Mwanza kuja Dar mwezi uliopita. Nikiwa nje kitone cha bluu kwenye Google Maps kiko sawa, nikiingia ndani tu simu inasema niko Mwanza. Imeharibika?

Simu yako nzima. Mkosaji ni ruta, kama ulihama nayo. Mawimbi ya setilaiti hupenya bati na zege kwa shida, kwa hiyo ndani ya nyumba simu husikiliza ruta za Wi-Fi zilizo karibu. Kila ruta hutangaza namba yake ya kudumu, na Google huweka kumbukumbu ya mahali namba hiyo ilipoonekana. Yako bado imeandikwa Mwanza. Kubadili jina la mtandao au nywila hakusaidii, kwa sababu namba inabaki ileile.

Ili kuhakikisha, chomoa ruta kwenye umeme, funga ramani, subiri dakika chache, kisha ifungue tena ukiwa na data ya laini. Usiishie kuzima Wi-Fi ya simu, maana simu nyingi za Android huendelea kunusa mitandao hata Wi-Fi ikiwa imezimwa. Kitone kikirudi Dar, umempata mhusika.

Kumbukumbu hiyo hujirekebisha kadiri simu zenye setilaiti zinavyoisikia ruta mahali papya, lakini huweza kuchukua siku kadhaa au hata wiki. Huna haraka? Iache. Ukiwa nayo, ongeza `_nomap` mwishoni kabisa mwa jina la mtandao:

```
NyumbaniKwetu_nomap
```

Hiyo ni alama ya kuiambia Google isiitumie ruta hiyo kukisia mahali. Vifaa vyote vya nyumbani itabidi viunganishwe upya, na hapo ndipo wengi huona uvivu.

Njia ya muda ni kuingia Settings, Location, Location Services, kisha Location Accuracy, na kuzima "Improve Location Accuracy". Kwenye Android 8 na za chini yake, chagua "Device only" badala ya "High accuracy". Simu itategemea setilaiti peke yake, kwa hiyo ndani ya nyumba itachelewa au isipate kitu. Ruta ikishatulia, rudisha ilivyokuwa.

Naendesha bodaboda. Nikiwa Kariakoo abiria ananiona barabara ya pili, kitone kinarukaruka. Nikalibreti vipi?

Kukalibreti hurekebisha dira, yaani upande simu inakotazama. Hakugusi mahali ulipo. Katikati ya maghorofa mawimbi hugonga ukuta kwanza ndipo yafike kwenye simu, na simu hupima umbali kwa muda yaliosafiri. Yakizunguka mita 30 zaidi, hesabu nzima inapinda. Hakuna kitufe cha kuondoa hilo.

Tazama duara la bluu hafifu linalozunguka kitone, kwani simu inakuambia uko mahali fulani ndani yake. Uwanjani penye anga wazi, simu ya kawaida hukosea mita 5 hivi. Duara likifunika barabara mbili, usibishane na ramani, sogea hadi kwenye makutano yaliyo wazi. Simu iwe kwenye usukani, isiwe mfukoni. Na abiria umwombe akutajie duka lililo mbele yake, ni haraka kuliko kumsubiri atafute pini.

Nikiwa nimesimama, mwale wa kitone unaonyesha nyuma yangu. Nimezungusha simu mchoro wa nane hadi mkono umechoka.

Vua kava kwanza. Kava la pochi lenye kifungo cha sumaku, au kibati cha kushikilia simu garini, huivuruga dira hata ukizungusha kutwa. Kisha ondoka karibu na gari, geti au nondo, gusa kitone, chagua "Calibrate" na ufuate maelekezo. Mwale mpana una maana dira haina uhakika; ukiwa mwembamba, imekaa sawa. Ukishaanza kwenda kwa gari, mwelekeo huchukuliwa zaidi kwenye mwendo wenyewe, ndiyo maana tatizo hili huwasumbua wanaotembea kwa miguu.

Programu ya kuagiza chakula inaniweka mtaa mwingine kabisa, ila ramani iko sawa. Ruhusa nimeshatoa.

Umetoa nusu ya ruhusa. Tangu Android 12, programu inaweza kupewa eneo la kukadiria tu, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 3 hivi. Nenda Settings, Apps, chagua programu hiyo, Permissions, Location, halafu washa "Use precise location". Kwenye iPhone ni Settings, Privacy & Security, Location Services, gusa jina la programu, washa "Precise Location". Chaguo la "Allow only while using the app" linatosha kwa chakula. "Allow all the time" wape wanaohitaji kufuatiliwa skrini ikiwa imezimwa, kama dereva aliye kazini.