Mayai ya kujaza yanayeyuka pikiniki

"Wadau, nilitengeneza mayai ya kujaza. Nyumbani yalikuwa laini safi kabisa, tulipofika bustanini kiini kikawa uji na mayai yanateleza kwenye sinia. Nimekosea wapi?"

Mkuu, ulaini wa nyumbani ndio uliokuponza. Mimi niko Texas, na huku hayo mayai ya kuchemsha, yaliyokatwa nusu na kujazwa rojo ya kiini na mayonezi, hayakosekani kwenye meza ya pikiniki, kwa hiyo aibu hiyo nimeshaipata.

Kwa mayai 12 watu wengi huweka vijiko 8 vya chakula vya mayonezi. Kwa kula mezani ni sawa. Kwa kutoka nayo mimi huishia 6, pamoja na vijiko viwili vya chai vya haradali, kimoja cha siki, chumvi na pilipili manga. Mayonezi naitia kidogo kidogo, kisha nachota rojo na kugeuza kijiko. Ikidondoka, nimeshazidisha. Ulaini uliopungua naufidia kwa kupitisha viini kwenye chujio kabla ya kuchanganya, maana mara nyingi ukavu unaousikia mdomoni ni mabonge tu. Usichemshe kupita kiasi pia. Dakika 11 tangu yaingie kwenye maji yanayochemka, halafu moja kwa moja kwenye maji ya barafu. Kiini chenye pete ya kijani kimeiva mno, ni kikavu, na ndicho kinachokushawishi uongeze mayonezi.

Wapo wanaotia siagi ili rojo igande vizuri. Kwenye friji inapendeza kweli, ila juani siagi ndiyo ya kwanza kulegea, kwa hiyo siku ya pikiniki iache. Achari ya matango ukiitaka, ikatekate na uikamue kwanza.

Kuhusu kuteleza: kausha ute kwa karatasi ya jikoni, kisha kata kipande chembamba chini ya kila nusu ili ikae.

Sasa usijaze nyumbani. Nusu za ute naziweka kwenye chombo chenye mfuniko, rojo kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, vyote ndani ya sanduku la barafu, vikibanwa na chupa za maji zilizogandishwa. Tukifika nakata ncha ya mfuko, nakamua, nanyunyiza paprika. Nusu 24 hazizidi dakika tano. Natoa nane nane tu, zinazobaki zinakaa kwenye baridi. Mwaka mmoja niliweka sinia juu ya barafu tupu. Ilipoyeyuka maji yakapanda, tukawa tunavua mayai kama dagaa. Tangu siku hiyo barafu naifunga kwenye mfuko kwanza.

Muda nao uangalie. Mwongozo wa USDA, wizara ya kilimo ya Marekani, ni saa mbili nje ya baridi, na joto likivuka nyuzi 32 za Selsiasi ni saa moja tu. Huku Julai mimi nahesabu saa moja, na sinia iliyopitiliza namwaga hata shangazi akinung'unika.