Kilo za Athmani zilivyohamia kwa Salim

Kama ndiyo kwanza umepewa kompyuta ya kikundi uanze kuandika hesabu kwenye Excel, nakuomba usipange chochote kwa alfabeti kabla hujasoma haya. Mimi nilifanya hivyo wiki yangu ya pili, nikiandika samaki wanaoshushwa kwenye diko letu hapa Lamu, na wavuvi wawili wakalipwa pesa zisizo zao.

Nikuonyeshe kwa majina manne tu, ingawa orodha ilikuwa ndefu zaidi. Daftari la mpimaji lilisema Salim kilo 14, Bakari 31, Omari 6, Athmani 22. Mweka hazina alitaka majina yafuatane kwa alfabeti ili asihangaike kuyatafuta wakati wa kulipa. Nikabofya safu ya majina, nikabonyeza kitufe cha A-Z, na kufumba na kufumbua Athmani akawa juu na Salim chini. Majina yalipanda na kushuka, kilo zikabaki pale pale. Sasa orodha ikasema Athmani 14, Bakari 31, Omari 6, Salim 22.

Tazama vizuri hapo. Bakari na Omari wako sawasawa, kwa sababu nafasi zao hazikubadilika. Mimi nilimkagua Bakari, nikaridhika. Nikajumlisha kilo, nikapata 73 kama ilivyo daftarini, nikaridhika zaidi. Jumla haiwezi kukuonyesha kosa hili hata siku moja: kilo ni zile zile, zimebadilisha wenyewe tu.

Siku ya malipo, kwa shilingi 400 kwa kilo, Athmani alipunjwa 3,200. Alisimama mlangoni akaniambia, "Mwanangu, mizani niliiona kwa macho yangu. Hizi kilo 14 ni za nani?" Salim naye, Mungu ambariki, alikuwa ameshaanza kujiuliza pesa zimezidi wapi.

Sababu yenyewe ni hii. Sisi tukiona mstari mmoja tunaona mtu mmoja: jina lake, kilo zake, deni lake. Excel haioni mtu. Inaona visanduku, na inapanga vile tu vilivyo ndani ya eneo ulilochagua. Ukichagua safu nzima ya majina na pembeni yake pana data, kwa kawaida inakuuliza kwanza: `Expand the selection` au `Continue with the current selection`. La kwanza huchukua na safu za jirani, kwa hiyo mstari husogea mzima. La pili ndilo linalowatenganisha watu na kilo zao.

Mimi sikuulizwa kitu. Nilikuwa nimeacha safu tupu kati ya majina na kilo ili ukurasa upendeze. Excel ikifika kwenye safu tupu hudhani jedwali limeishia hapo. Kwake yeye majina yalikuwa orodha ya peke yake, na kilo ni habari nyingine ya ng'ambo. Kwa hiyo futa safu tupu zote. Ukitaka nafasi, panua upana wa safu.

Siku hizi nafanya hivi. Kabla ya kupanga, naongeza safu ya namba mwanzoni, nachapa 1, 2, 3 hadi mwisho. Nachapa namba zenyewe, si fomula kama `=ROW()`, kwani hiyo hujihesabu upya baada ya kupanga na haikumbuki mtu alitoka wapi. Kisha nabofya kisanduku kimoja tu ndani ya jedwali na kubonyeza `Ctrl+T`, nahakikisha `My table has headers` imewekewa alama, halafu napanga kwa kutumia mshale ulio kwenye kichwa cha safu. Ndani ya jedwali la namna hiyo mstari husogea mzima. Nikitaka mpangilio wa daftari urudi, napanga kwa ile safu ya namba.

Wenye kutumia Google Sheets wachague `Sort sheet`, ambayo husogeza mistari mizima, lakini wagandishe kwanza mstari wa vichwa, la sivyo nao utapangwa pamoja na watu. `Sort range` hugusa ulichochagua tu.

Ukishavuruga, bonyeza `Ctrl+Z` papo hapo, kabla ya kufunga faili. Mimi nilikuwa nimehifadhi na kufunga, na hakuna kupanga kwingine kunakoweza kurudisha, maana faili halikubaki na kumbukumbu yoyote ya nani alikuwa na kilo ngapi. Ilibidi nikae na mpimaji na daftari lake lililolowa maji ya chumvi, tukasoma jina moja moja hadi alasiri. Tangu hapo, baada ya kila kupanga, nalinganisha na daftari jina la kwanza, la mwisho na mawili ya katikati ambayo nimeyaona yamehama. Bakari simkagui tena.