Shimo kwenye bomba: kusafisha meshi baada ya Boolean

Kabla hujaanza kusafisha chochote, angalia shimo limekatwa kwenye uso wa aina gani. Kama ni uso bapa, poligoni ya pande kumi au ishirini iache ilivyo. Vipeo vyake vyote viko kwenye bapa moja, kwa hiyo mwanga hauna pa kuharibika. Wageni wengi hupoteza saa nyingi hapo bure. Kazi iko kwenye uso uliopinda.

Chukua bomba lililosimama, silinda ya Blender yenye pande 32 na nusu kipenyo cha mita 1. Ulitoboe ubavuni kwa Boolean, ukitoa silinda ya pande 16 yenye nusu kipenyo cha sentimita 40, kisha uweke Shade Smooth. Utaona mambo mawili. La kwanza ni pete nyeusi kuzunguka mdomo wa shimo, kwa sababu mwanga unalainishwa kupita kona kali. Chagua kingo za mdomo, weka Mark Sharp, na imekwisha. (Kabla ya toleo la 4.1, washa pia Auto Smooth.)

La pili ndilo gumu: michirizi inayotoka shimoni hadi mwisho wa bomba. Kipeo kilichoangukia kwenye mstari wa bomba hupata wastani wa mielekeo ya nyuso mbili, lakini kilichoangukia katikati ya uso hufuata uso huo peke yake. Tofauti ni ya nyuzi chache tu. Ila uso wenyewe ni mrefu kama bomba, kwa hiyo kosa hilo linavutwa njia nzima. Weka Matcap ya chuma, zungusha modeli, utaliona mara moja.

Ndiyo maana napendelea kuanza kazi kabla ya kukata. Kwa Ctrl+R weka mizunguko miwili, mmoja juu ya shimo na mwingine chini yake, karibu na mdomo. Sasa kosa halina pa kwenda.

Ukishathibitisha Boolean kwa Apply (hifadhi nakala kwanza), tumia Merge by Distance kuunganisha vipeo vilivyogandana, kisha Select All by Trait, Faces by Sides, zaidi ya 4. Pembeni kabisa mwa shimo utakuta uso wenye vipeo saba: ncha ya shimo imeung'ata. Chagua ncha hiyo na pembe moja ya nje, bonyeza J. Rudia kwa pembe ya pili. Unabaki na nyuso mbili za pande nne na pembetatu moja, na pembetatu hiyo haina shida. Nyuso nyingine zifanyie vivyo hivyo, kila kipeo cha katikati ukikipeleka kwenye pembe iliyo karibu.

Kivuli kidogo kitabaki karibu na shimo, kati ya ile mizunguko miwili. Kama kamera itakaribia hapo, rudi kwenye nakala uanze na bomba la pande 64, kwa kuwa nyuzi za tofauti zinapungua nusu.