Muuguzi aliyeongezewa kazi ya daktari: maswali ya wasomaji

Mimi ni muuguzi wa zahanati. Nilipelekwa mafunzo ya wiki moja, nikarudi nikaambiwa nianze kuwaanzishia wagonjwa dawa za kufubaza makali ya VVU. Kazi nyingine zote zimebaki zangu na mshahara ni uleule. Nafikiria kuomba uhamisho au kuacha. Je, ndivyo mpango ulivyokusudiwa? (Muuguzi, Tabora)

Hapana, dada yangu, sivyo ulivyokusudiwa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa kuhamisha majukumu mwaka 2008, wakati nchi nyingi za kusini mwa Sahara zilikuwa na wagonjwa wengi wa UKIMWI na madaktari wachache mno, wazo lilikuwa ni mnyororo. Jukumu linashuka kutoka kwa daktari kwenda kwa tabibu au muuguzi, na baadhi ya majukumu ya muuguzi nayo yanashuka kwenda kwa mtumishi mwenye mafunzo mafupi zaidi. Mwongozo huo ulitaka pia kuwe na kanuni zinazomlinda mtumishi, mafunzo yanayotambuliwa, usimamizi wa karibu na malipo yanayolingana na kazi, na ulisema wazi kwamba huduma muhimu haziwezi kudumu kwa mgongo wa watu wanaojitolea. Tanzania ilitoa mwongozo wake wa kugawana majukumu mwaka 2016.

Kilichotokea katika vituo vingi ni nusu ya mnyororo. Pingili ya kwanza ilifungwa, kwa sababu kumpa muuguzi kazi ya daktari kunahitaji semina na kitabu cha mwongozo tu. Pingili ya pili ilihitaji ajira mpya, nayo ikaachwa. Nilipokuwa nafanya kazi zahanati nililiona jambo hili kwa macho yangu: asubuhi moja mtu yuleyule anatafuta mafaili, anapima uzito, anatoa chanjo, anaandika dawa, anahesabu vidonge na anapokea mama mwenye uchungu. Mtu wa namna hiyo haondoki kwa kukosa moyo wa kazi. Anaondoka kwa sababu kila siku analala akijua kuna mgonjwa aliyemhudumia kwa haraka isiyofaa.

Kabla hujaamua, omba barua kutoka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya inayotaja jukumu hilo kwa jina, na uhifadhi cheti cha mafunzo pamoja na leseni yako. Jambo likiharibika, Baraza la Uuguzi na Ukunga litakuuliza wewe mwenye leseni ulifanya kwa idhini ya nani, na agizo la mdomo ni gumu kulithibitisha.

Katika halmashauri yetu tunatakiwa kuongeza huduma kwenye zahanati zilizopo. Tutajuaje kama wauguzi wanatosha kabla hatujawaongezea kazi? (Mjumbe wa kamati ya huduma za jamii)

Mheshimiwa, uwiano wa muuguzi kwa idadi ya wakazi hautakusaidia, kwa kuwa hausemi kazi yenyewe ni kiasi gani. Iko njia ya Shirika la Afya Duniani, iitwayo kwa kifupi WISN, inayopima mahitaji ya watumishi kwa uzito wa kazi. Naomba tuifanye pamoja kwa mfano niliouweka mwenyewe, ili halmashauri iingize takwimu zake.

Anza na saa ambazo muuguzi mmoja anazo kwa mwaka. Wiki 52 za siku tano ni siku 260. Toa siku 20 za kazi za likizo, siku 15 za sikukuu, na siku 15 za ugonjwa, ruhusa na mafunzo. Zinabaki siku 210. Kwa saa nane kwa siku ni saa 1,680, lakini saa moja ya kila siku huliwa na ripoti, vikao na kuagiza dawa. Kwa wagonjwa zinabaki saa 1,470.

Sasa chukua wagonjwa 400 wanaotumia dawa za kufubaza VVU, kila mmoja akija kila mwezi, kila hudhurio likichukua dakika 20. Hayo ni mahudhurio 4,800, yaani saa 1,600. Kliniki hiyo peke yake imemzidi muuguzi mmoja kabla hajagusa chanjo, uzazi wa mpango wala mjamzito. Ukimkabidhi na kumtakia kila la heri, umeshaamua kwamba kuna kazi haitafanyika. Umemwachia tu yeye achague ipi.

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu suluhisho la kwanza si lazima liwe muuguzi wa pili. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia na virusi vyake vimefubaa anaweza kupewa dawa za miezi mitatu au sita kwa mara moja. Tuseme 300 kati ya wale 400 wanakuja mara mbili kwa mwaka, na 100 ambao ni wapya au hawajatulia wanaendelea kuja kila mwezi. Mahudhurio yanakuwa 600 na 1,200, jumla 1,800, sawa na saa 600. Kisha simama na saa kwa wiki mbili uone zile dakika 20 zinakwenda wapi. Ukikuta dakika nane ni kutafuta faili, kupima uzito na kuhesabu vidonge, mpe kazi hizo mhudumu aliyefundishwa na anayelipwa. Muuguzi anabakiwa na dakika 12 kwa kila hudhurio, jumla saa 360. Kutoka 1,600 tumefika 360, na mgonjwa anayehitaji kusikilizwa bado anasikilizwa.

Hesabu hii ina mipaka miwili ambayo lazima muifahamu. Kwanza, inategemea ghala. Dawa zikifika pungufu, wagonjwa wa miezi sita wanarudishwa kwenye mwezi mmoja ili kila mtu apate kidogo, na mzigo wa muuguzi unapanda ghafla bila mtu yeyote kubadili sera. Kwa hiyo upungufu wa dawa ni jambo la watumishi pia. Pili, hesabu ya mwaka huficha usiku. Zahanati yenye muuguzi mmoja inaweza kuonekana inatosha kwa saa, ilhali mama akijifungua saa tisa usiku, muuguzi huyo ndiye anayetakiwa kliniki saa mbili asubuhi. Kwa hiyo pamoja na hesabu wekeni sharti: kituo kinachozalisha usiku kisiwe na muuguzi mmoja, hata kama jedwali linaonyesha anatosha.

Je, wakiongezewa mshahara hawatabaki? (Msomaji, Mombasa)

Mshahara unabakiza watu, ila haubakizi kwa namna tunayodhani. Tazama Malawi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wauguzi wake walikuwa wakienda Uingereza huku wodi zikijaa wagonjwa wa UKIMWI. Serikali, kwa fedha za wafadhili wakiwemo Waingereza wenyewe na Mfuko wa Dunia, ilianzisha mpango wa dharura uliowapa watumishi wa kada 11 nyongeza ya asilimia 52 ya mshahara, sambamba na kupanua vyuo. Watumishi wa kada hizo walipanda kutoka 5,453 mwaka 2004 hadi 8,369 mwaka 2009. Hayo ni mafanikio ya kweli.

Lakini soma chini ya jumla hiyo. Nyongeza ilikatwa kodi, kwa hiyo iliyofika mfukoni ilikuwa ndogo kuliko iliyotangazwa. Kada ya wauguzi iliongezeka bila kufikia lengo lake. Tena miaka hiyohiyo Uingereza ilikuwa ikibana mlango kwa wauguzi wa kigeni, hivyo si haki kusema kila aliyebaki alibakizwa na mshahara. Nyongeza inayotolewa kwa wote, wa mjini na wa kijijini, pia haiwezi kumshawishi mtu aende kijijini, kwa sababu tofauti kati ya sehemu hizo mbili inabaki palepale.

Ningekuwa na fedha za jambo moja tu, ningeziweka kwenye muundo wa utumishi. Muuguzi anayeanzisha na kusimamia dawa za VVU awe na daraja lake linalotambuliwa, ili ujuzi huo uhesabike anapopanda cheo. Posho ya mradi huisha mradi unapoisha, na siku inapokatwa mtumishi huumia zaidi kuliko yule ambaye hakuwahi kuipata.

Mimi ni daktari. Je, hatuhatarishi wagonjwa kwa kuwaachia watu wasiosomea kazi hii? Na hao tunaowapandisha si ndio watakaoondoka kwanza? (Daktari, Dodoma)

Kuhusu usalama, daktari, ushahidi uko upande wa wauguzi, kwa sharti la usimamizi. Katika jimbo la Free State, Afrika Kusini, kliniki 31 ziliingizwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012. Katika baadhi yake wauguzi ndio walioanzisha na kuendeleza dawa za VVU, na kwa ujumla vifo na ufubazaji wa virusi havikuwa vibaya kuliko pale ambapo madaktari walifanya kazi hiyo. Wagonjwa ambao dawa zimewashinda, watoto wachanga na wenye magonjwa mengine mazito wanapaswa kufika kwako. Usipojibu simu ya muuguzi anapokuita, mpango mzima unavunjika hapo.

Kuhusu kuondoka, Msumbiji inatufundisha jambo lisilo rahisi kulimeza. Tangu mwaka 1984 nchi hiyo imekuwa ikifundisha mafundi wa upasuaji ambao si madaktari. Watafiti waliwafuatilia waliopangiwa hospitali za wilaya: baada ya miaka saba, asilimia 88 ya mafundi hao walikuwa bado wilayani, na kati ya madaktari 59 waliopangiwa huko hakubaki hata mmoja. Sababu mojawapo ni kwamba cheti chao hakitambuliki nje. Takwimu hiyo ni ya kutia moyo kwa mgonjwa wa wilayani, lakini siikubali kama sera ya kuwabakiza watu kwa kuwafungia mlango. Aliyebaki kwa sababu hana pa kwenda anadaiwa njia ya kusonga mbele kimasomo na kicheo hata kuliko yule mwenye pasipoti mkononi.

Kuna dalili gani za mapema kwamba wauguzi wetu wako mbioni kuondoka? (Muuguzi Mkuu wa wilaya)

Usisubiri barua ya uhamisho, kwani hiyo ni ya mwisho. Fungua rejista za miezi mitatu iliyopita uangalie safu zinazoachwa tupu: uzito, shinikizo la damu, tarehe ya kurudi. Muuguzi aliyeelemewa huacha kwanza kuandika, kisha huacha kupima. Tazama pia rosta ya zamu kama ilivyofanyika, si kama ilivyobandikwa ukutani, uhesabu nani amefanya zamu ya usiku siku ngapi mfululizo. Halafu nenda kwenye kituo hicho, ukae naye, umuulize ni kazi ipi angependa aondolewe kesho. Nimeshauliza swali hilo mara nyingi, na wengi hutaja faili, mizani na hesabu ya vidonge, si wagonjwa.