Tangazo la asali: iandike chenga kabla mteja hajaiona

Nauza asali hapa Mombasa, na swali linalonijia kuliko yote ni hili: "Mbona imeganda? Mmetia sukari?" Jibu lake nimeliweka ndani ya tangazo lenyewe, maana mteja akishaingiwa na shaka, maelezo ya baadaye huyaona visingizio.

Asali ni sukari iliyoyeyuka katika maji machache sana, na ile sukari iitwayo glukosi haikai imeyeyuka daima. Hujitenga ikawa chenga. Maua yenye glukosi nyingi hutoa asali inayoganda upesi. Baridi ya wastani, karibu nyuzi 14, ndiyo huharakisha zaidi, kwa hiyo chupa inayobaki majimaji Kongowea yaweza kuganda ikipelekwa kwa jamaa Nairobi. Ndiyo maana kuganda hakuthibitishi kwamba asali ni feki, na kubaki majimaji hakuthibitishi kwamba ni safi. Kinachotia wasiwasi ni povu jingi pamoja na harufu ya uchachu: hapo maji yamezidi na asali inachacha. Hiyo siitangazi kabisa.

Chombo nacho huleta ugomvi. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ina takriban kilo 1.4. Basi chupa ya nusu lita hubeba kama gramu 700, na nusu kilo hutosha kwenye chupa ya mililita 360 hivi. Mteja aliyezoea kupima kwa chupa ya maji akiletewa nusu kilo huona amepunjwa. Mimi hutanguliza uzito, kisha ujazo. Nachagua pia chupa ya mdomo mpana, kwa sababu asali iliyoganda haimiminiki, huchotwa kwa kijiko.

Tangazo langu la sasa linasomeka hivi:

"Asali ya Kitui, nyuki wamelisha zaidi kwenye migunga. Imechujwa, haikuchanganywa na kitu. Rangi ya kahawia nyepesi, nzito, ina chenga laini chini ya chupa. Kuganda ni kawaida. Ukiitaka majimaji, funga kifuniko, iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, uiache iyeyuke polepole. Gramu 500, chupa ya kioo ya mililita 360, mdomo mpana. Asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja."

Neno "zaidi" nimelitia kwa makusudi. Nyuki hazuiliki kurukia mti wa pili, na mfugaji aliyeniuzia aliniambia migunga ndiyo iliyokuwa ikichanua wakati wa kurina. Nisingeandika "migunga tupu". Iwapo muuzaji wako hajui maua, andika eneo tu.

Kuhusu kikohozi, vidonda vya tumbo, sukari mwilini na nguvu za kiume, hakuna mstari. Wateja huuliza, nami huwajibu kwamba nauza chakula, wa dawa ni daktari. Nafasi hiyo naijazia picha ya zile chenga, iliyopigwa kwa karibu kwenye mwanga wa mchana.