"Nmlp nusu": nimemlipa au nimlipe?

*Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Juzi nilimwachia bosi kikaratasi mezani: "Bosi, m2 wa nondo kapita asb, nmlp nusu, iliyobaki atafata J3. Ajaacha risiti, atapiga cm." Akanipigia kwa hasira, eti haelewi kama nimelipa au bado, na kama huyo mtu anarudi au harudi. Rafiki zangu nawaandikia hivyo kila siku na tunaelewana. Je, ni kosa kuandika kwa mkato? Na kikaratasi kifupi namna ile lazima kiwe na maneno mazima?*

Marahaba mwanangu. Kukata maneno si kosa. Ila mikato yako haifanani: mingine haina neno, na miwili imekuharibia ujumbe wote. Tuanze na hiyo miwili, maana ndiyo iliyomkasirisha bosi.

Wa kwanza ni "nmlp". Ulikusudia "nimemlipa", neno lenye vipande vitano: ni-me-m-lip-a. "Ni" ni wewe, "me" inasema jambo limekwisha, "m" ni yule wa nondo, "lip" ndiyo mzizi, na "a" ya mwisho inafunga. Ukiziondoa irabu, mzizi bado unaonekana, kila mtu anajua kuna habari ya kulipa. Kilichopotea ni nani kamlipa nani, na lini. Jaribu kuzirudisha irabu mwenyewe, pamoja na ile "m" ya pili uliyoidondosha kwenye "nimemlipa": nimelipa, nimemlipa, namlipa, nimlipe. Zote zinaingia kwenye "nmlp". Hiyo ya mwisho ndiyo ya hatari, kwa sababu "nimlipe nusu" ni mtu anayeomba ruhusa, hajatoa hata senti. Bosi alikuwa na haki ya kuuliza.

Kiswahili kimejengwa hivyo: habari nyingi za kitenzi zimekaa mbele ya mzizi, kwenye vipande vidogo ambavyo mara nyingi vinatofautiana kwa irabu moja tu. Wazee wa pwani waliotunga tenzi kwa hati za Kiarabu walilijua hili vizuri. Msomaji wa Kiarabu amezoea kusoma bila vialama vya irabu, lakini wao walipoandika Kiswahili waliviweka, juu na chini ya herufi, kwa sababu bila hivyo beti haisomeki.

Mkato wa pili ni ile "h" uliyoiacha. Umeandika "ajaacha" badala ya "hajaacha". Lenyewe linaeleweka, kwa kuwa hakuna "ajaacha" ya kukubali inayoweza kugongana nalo. Ndiyo maana wengi wanaandika "akuna" na "ajafika" na hakuna anayepotea. Lakini umeshamwonyesha msomaji kwamba wewe huandiki "h". Sasa akirudi kwenye "atafata J3" aamini nini? Ni "atafuata" au "hatafuata"? Hapo herufi moja ndiyo inayotenganisha ndiyo na hapana, na yeye anataka kujua kama Jumatatu aandae pesa. Kwenye wakati ujao usiiache "h" hata unapoandikiana na shoga yako.

Mikato mingine hiyo sina ugomvi nayo sana. "M2" inafaa kwa rafiki kwa sababu silabi haijapotea: tarakimu imesimama mahali pa "tu", na ukiisoma kwa sauti unapata "mtu" kamili. Vivyo hivyo "cjui", ambapo "c" imebeba "si" nzima, na ukanushi upo palepale. Hata "7bu" ni ubunifu mzuri, maana hiyo saba inasomwa kwa Kiswahili chenyewe. Tatizo la tarakimu ni pale zinapokutana na hesabu za kweli. Fundi akiandikiwa "kesho njoo na wa2 5", anaweza kuja na vibarua ishirini na watano. Na "2onane saa 2" inamlazimisha msomaji asome alama ileile mara mbili kwa namna mbili. Penye saa, idadi au pesa, tarakimu ziachie kazi yake ya kuhesabu. "Cm" nayo, kwa duka lenu, ningeiepuka kabisa: nyie mnapima mbao na mabomba, na "cm" kwenu ni sentimita.

"Kapita" usiiguse. Huo si mkato wa kidole, ni mkato wa mdomo. Ndivyo tunavyosema, na "ka" imebaki nzima. Ndugu zake ni "nshafika", "ntampigia" na "ndo". Hakuna anayeyasoma vingine, kwa hiyo yanafaa kwenye kikaratasi cha dukani, ingawa kwenye barua ya ofisi utaandika "amepita". "J3" nayo imeshazoeleka mno, bosi hawezi kuikosea. Hiyo iko karibu kabisa na vifupisho vinavyokubalika popote, kama n.k., k.m., S.L.P. na Bw., ambavyo hata mtu asiyekujua anavisoma sawasawa.

Lakini kwa nini rafiki zako hawalalamiki? Kwa sababu wapo hapohapo kwenye simu. Wakikwama wanakuuliza "unamaanisha nini?" na unawajibu kabla chai haijapoa. Kikaratasi mezani hakiulizwi. Wewe umeshaondoka, na bosi amebaki peke yake na herufi nne. Basi kabla hujakata, jiulize kwanza kama msomaji ataweza kukuuliza wakati anasoma. Kama hawezi, na ujumbe una pesa, siku au ndiyo na hapana, vitenzi viandike vizima. Nomino zinavumilia zaidi: "asb" hata ukiikata hivyo, msomaji anaijua ni asubuhi.

Pia mazoea haya yalitoka kwenye meseji za kulipia. Meseji moja ya kawaida ilibeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa, ukizidisha unalipia ya pili. Hapo kubana kulikuwa na faida. Karatasi haina gharama hiyo, na hata ingekuwa nayo, tazama:

"Bosi, mtu wa nondo kapita asubuhi. Nimemlipa nusu, iliyobaki atafuata Jumatatu. Hajaacha risiti, atapiga simu."

Nimeihesabu: herufi 110. Ya kwako ilikuwa na 90. Umeokoa 20 tu. Mimi ningeongeza na kiasi chenyewe, tuseme "nusu, 400,000/=", maana "nusu" bila tarakimu inamfanya bosi aende kutafuta daftari. Bado hufiki 130.

Kuna mahali pengine ambapo silipimi jambo kwa kueleweka. "Shkmoo" inaeleweka, na "xaxa" pia inaeleweka, tena hiyo "x" haipunguzi hata herufi moja, ni pambo la vijana. Lakini mzee akiona salamu yake imekatwa anahisi umemsalimia huku unakimbia. Vilevile kwa aliyefiwa. "Pole sana" ni herufi nane tu, ziandike zote.

Na bosi wako akikuandikia "sw, 2taongea", mjibu "sawa" na uiache hapo. Yeye kukata hakukupi wewe ruhusa ya kukata kwenye taarifa ya pesa. Kesho ukiwa na cha kumwachia mezani, kisome kwanza kwa sauti kama vile hukukiandika wewe. Popote utakaposita kwenye kitenzi, rudisha irabu zake.